Saa mbili za muchezo: makuta yetu yanarudi ama hayarudi?

Bandugu, jioni moja nilirudi kutoka kazini, hata viatu sijavua bado, mutoto wangu wa kwanza akanijia na sura ya mutu aliyevunja sahani ya mama yake. «Papa, ile muchezo tulilipa inakatala. Inafunguka, picha inakuwa nyeusi, kiisha inatembea polepole kama muntu mugonjwa.» Ulikuwa ni muchezo wa ordinatere, wa dolari 20. Nilimulipia kwa sababu alipita darasa vizuri, na kwa sababu nilikuwa nimemuahidi mbele ya mama yake. Sasa dolari 20 zilikuwa zimeingia ndani ya kitu kisichotembea.

Siku ya pili nikasimulia jambo hilo kazini, pale tunaposubiri gari. Karibu wote walicheka. Mukubwa mumoja akaniambia: «Ndugu yangu, kitu cha mu intaneti ni kama makuta ya kutupa mu muto. Ukilipa, sahau.» Wengine wakasema hivyo hivyo. Ndiyo maana naandika leo. Mimi nilirudishiwa zile dolari 20, na sikumjua mutu yeyote ndani ya kampani, sikumulipa avoka, sikupiga kelele. Kuna sheria, na sheria hiyo iko na saa yake. Ukiijua saa, unarudishiwa. Usipoijua, makuta yanakaa kwa muuzaji, na muuzaji hana kosa.

Mutoto wangu alinunua kwenye Steam, ile butike kubwa ya michezo ya ordinatere, mali ya kampani ya Amerika inayoitwa Valve. Steam inasema hivi: unaweza kuomba kurudishiwa makuta kwa sababu yoyote, kama maombi yako yanafika mbele ya siku 14 tangu siku ya kununua, na kama muchezo umechezwa chini ya saa 2. Mambo mawili, na yote mawili lazima yakutane. Ukiwa na dakika 30 za kucheza lakini siku ya 20, umechelewa. Ukiwa siku ya pili lakini umecheza saa 5, umepita. Na hiyo «sababu yoyote» ni sababu yoyote kweli. Mashini yako haina nguvu ya kutosha, ulinunua kwa makosa, ama ulicheza saa moja na haukupendezwa: yote inakubaliwa. Hawakuulizi kitambulisho, hawakuulizi barua ya chef de quartier.

Siku 14 si ngumu kuelewa, lakini kuna jambo moja linalotuuma sisi wa huku. Siku zinahesabiwa tangu kulipa. Hazihesabiwi tangu kuteremusha muchezo, wala tangu kuufungua. Mutu wa Ulaya analipa saa moja, saa mbili baadaye anacheza. Mutoto wangu alilipa siku ya Ijumaa, akateremusha usiku kwa usiku, kwa sababu mega za usiku ndizo rahisi, na muchezo ukamalizika kuingia siku ya Mungu asubui. Kwake ni siku mbili tu zimepotea. Lakini najua nyumba ambapo muchezo mukubwa unachukua juma nzima kuingia, na ukikosa makuta ya mega katikati ya mwezi, unasubiri mushahara. Pale siku 14 zinakwisha na muchezo haujafunguka hata mara moja. Kwa hiyo shauri langu la kwanza: usinunue muchezo mbele ya kuwa na mega za kuuteremusha wote. Kwanza mega, kiisha muchezo.

Saa 2 ndiyo inayowaangusha watu wengi, kwa sababu hawajui ni nini inayohesabiwa. Sisi wa mugodi tunaweza kuelewa haraka kuliko wengine. Munaijua konteri ya saa kwenye dumpa ama kwenye eskavateri. Ile konteri haijui kama unapakia mawe. Inajua kitu kimoja tu: motere inazunguka. Ukisimama kwenye foleni ya kupakia dakika 40 na motere haujazima, konteri inaandika dakika 40. Ukienda kujisaidia na motere inanguruma, inaandika. Na Steam iko vile vile. Inahesabu muda muchezo uko wazi kwenye mashini. Mutoto akiwa amesimamisha muchezo ili kula bukari, inahesabu. Akiwa kwenye ukurasa wa kwanza anachagua lugha na rangi ya nguo za mutu wake, inahesabu. Akilala na mashini imewaka, inahesabu mpaka asubui.

Mwenzangu mumoja wa ekipe yetu alipata somo hilo kwa bei yake. Sitaji butike ambako alinunua, kwa sababu butike haikufanya kosa lolote, sheria yake ilikuwa kama hii na ilikuwa imeandikwa. Mutoto wake alifungua muchezo siku ya Mungu, akacheza dakika 10, akauona ni mubaya, halafu mama akaita: tuende kanisani. Mutoto akafunika ordinatere yenye kuunganishwa na umeme, iliyowekwa isilale, akaenda. Misa ilikuwa ya kipaimara, munajua urefu wake. Waliporudi, muchezo ulikuwa umeandikiwa saa 4 na kitu. Wakaomba, wakakataliwa. Baba alinionyesha jibu, maneno mafupi yenye heshima: muda wa kucheza umepita. Alikasirika, na mimi namuelewa. Lakini konteri haisikilizi kama ulikuwa kanisani.

Kuna namna nyingine ya konteri kukudanganya, na hii inatuhusu zaidi sisi wenye intaneti ndogo. Kwa kawaida, muda wa kuteremusha kwenye Steam hauhesabiwi, kwa sababu muchezo haujafunguka. Lakini kuna michezo ambayo kwenye Steam unateremusha kipande kidogo tu, halafu ukifungua, muchezo wenyewe ndio unateremusha mali iliyobaki. Katika 2020, Microsoft Flight Simulator, muchezo wa kuendesha ndege, ulifanya hivyo. Watu waliufungua, ukaanza kuteremusha zaidi ya giga 90 ndani yake wenyewe, na konteri ya Steam ikahesabu hayo yote kama kucheza. Watu wa Ulaya na Amerika wenye intaneti nguvu walilalamika kwamba saa 2 zimepita na ndege hawajaiona bado. Wazieni sasa ni nini kwa mutu wa Kolwezi ama Likasi. Kwa hiyo ukifungua muchezo mupya na unaona unaanza kuteremusha tena, angalia haraka kiasi gani. Kama ni kidogo, subiri. Kama ni giga nyingi, funga kwanza, fikiri, na uamue ukingali na dakika mukononi.

Sasa nirudie kwa mutoto wangu, niwaambie tulifanya nini hatua kwa hatua, maana kuna wengi wanafikiri lazima kuandika barua ndefu.

Kwanza nilimuuliza: umecheza muda gani? Akasema «kidogo tu». Nikamuambia hapana, nionyeshe. Kwenye orodha ya michezo yake, ukibofya jina la muchezo, Steam inaandika muda. Ilikuwa dakika 47. Dakika 47 kwa muchezo ambao hakuucheza hata kidogo: alikuwa anaufungua, unakwama, anaufunga, anapunguza uzuri wa picha, anaufungua tena. Kila jaribio lilikula dakika zake. Hapo nikamukataza kuugusa tena. Hii ni jambo ambalo vijana hawapendi kusikia: ukitaka kutengeneza muchezo uliokwama, unatumia dakika zilezile ambazo ndizo haki yako ya kurudishiwa. Mimi naonelea mutu ajipe saa moja ya kujaribu. Ikipita saa moja na bado unapigana na mashini, acha, omba makuta. Ile saa ya pili iweke kama akiba, maana utakosea mahali fulani.

Kiisha tukaingia kwenye ukurasa wa musaada wa Steam, help.steampowered.com, kwa jina lake na neno lake la siri. Pale kuna mahali pameandikwa Purchases, ndiyo manunuzi. Tukachagua ule muchezo. Ikatoka orodha ya matatizo, tukabofya I would like a refund, na tena I'd like to request a refund. Mashini yenye kuwekwa kwa Kifaransa inaonyesha maneno hayo kwa Kifaransa. Wakatuuliza sababu, tukachagua, na pale kwenye nafasi ya kuandika tukaweka mustari mumoja kwa Kifaransa: muchezo hautembei kwenye ordinatere yetu. Mwisho kuna Submit request. Ilichukua dakika tano, pamoja na mimi kuvaa miwani.

Mbele ya kutuma, wanakuuliza jambo moja ambalo lilileta mabishano ndani ya nyumba. Makuta yarudi wapi? Yanaweza kurudi pale yalipotoka, kwa sisi ile karti ya benki, ama yakae kwenye mufuko wako ndani ya Steam, unaoitwa Steam Wallet. Mutoto alitaka mufuko, kwa sababu ni haraka na angenunua muchezo mwingine usiku uleule. Mimi nilitaka karti. Yaliyoingia kwenye ule mufuko hauwezi kuyatosha tena kwa falanga, ni ya kununua vitu vya Steam peke yake. Kama siku hiyo nyumba iko na shida ya unga ama ya masomo, yale makuta unayaona kwa macho lakini hauyagusi. Tukachagua karti.

Hapa mujiangalie, nyinyi munaolipa kwa njia tunayotumia wengi: unapeleka dolari kwa ajenti wa pesa za telefone, anakutengenezea namba ya karti ya muda, unalipa, mambo yamekwisha. Kama namba hiyo imekufa mara baada ya kulipa, makuta hayana mahali pa kurudi. Steam inasema wazi kwamba ikishindwa kurudisha kwa njia ileile ya kulipa, inaweka yote kwenye mufuko wa Steam. Hayapotei, lakini hayafiki kwako. Ukijua unaweza kuomba kurudishiwa, muulize ajenti kwanza: hii karti inaishi siku ngapi, na ni ya nani? Kama ni karti ya ajenti mwenyewe anayolipia watu wote wa avenue, makuta yatarudi kwake yeye, na hapo haki yako ni kwa uso wake tu.

Kwetu karti ilikuwa ya shemeji yangu, iko na benki ya kweli. Maombi yalikubaliwa siku ya pili, na mesaje ikaingia kwenye anwani ya mutoto. Steam inasema makuta yanarudi katika siku 7 baada ya kukubaliwa, na kwamba karti za inchi nyingine zinaweza kuchelewa kidogo. Sisi tulisubiri siku 6. Dolari 20 za muchezo zilirudi kamili. Hazikurudi mega tulizonunua, wala dolari moja tuliyompa shemeji kwa kumushukuru. Hilo ni jambo la kuweka kwenye hesabu: butike inarudisha bei ya kitu tu. Ndiyo maana mbele ya kulipa ni vizuri kushuka chini ya ukurasa wa muchezo, mahali pameandikwa System Requirements, na kulinganisha na ordinatere yako: memwari, nafasi kwenye diski, karti ya picha. Tungefanya hivyo, tungeona kwamba ile mashini yetu ya okazyo haikuwa na nguvu ya muchezo ule. Kosa lilikuwa letu. Sheria ya siku 14 ilitufunika tu.

Kuna makuta ambayo sheria hii haiyafuniki hata kidogo. Kwetu kuna vijana wanauza kode za michezo kwa bei ndogo. Wanakupa herufi na namba, unaziingiza kwenye Steam, muchezo unaonekana. Siku unataka kurudishiwa, Steam inakuambia: haukununua kwetu. Na ni kweli, makuta yako hayakupita kwao. Mutu wa karibu yangu alinunua kode namna hiyo, muchezo ukakataa, akarudi kwa muuzaji, muuzaji akacheka. Bei ndogo iko na maana yake: unanunua bila mulango wa kutokea. Mimi sisemi musinunue kamwe, makuta ni yenu. Nasema mutie hilo ndani ya bei.

Na jambo moja zuri ambalo wengi wanaona aibu kulifanya. Umenunua muchezo kwa dolari 20, juma lililofuata Steam inaushusha kwa dolari 10. Kama haujafika siku 14 na haujapita saa 2, unaweza kurudisha na kununua tena kwa bei ya chini. Si wizi, wenyewe wameandika kwamba hawahesabu hiyo kama kutumia sheria vibaya. Wanachokataza ni mutu anayefanya butike kuwa maktaba, kununua leo, kurudisha kesho, muchezo juu ya muchezo. Huyo wanaweza kumufungia mulango wa kurudishiwa. Na mwenye kushikwa anadanganya ndani ya muchezo na kufukuzwa na ulinzi wao unaoitwa VAC, anapoteza haki ya kurudisha muchezo huo.

Kwa ule muchezo unaolipia mbele haujatoka, unaweza kurudisha wakati wowote mpaka siku ya kutoka, na saa zinaanza kuhesabiwa siku hiyo. Lakini kuna mutego: michezo mingine inauza kwa bei ya juu ruhusa ya kuingia siku chache mbele ya wengine. Zamani muda uliocheza mbele haukuhesabiwa, na watu walicheza saa nyingi halafu wakarudisha. Tangu 2024 unahesabiwa.

Sasa, mwenzangu mumoja alinipinga: «Hawa Wazungu wanarudisha kwa sababu bako na roho muzuri.» Hapana, ndugu. Mbele ya Juni 2015, Steam ilikuwa haina mupango huu. Mutu alinunua, ukaharibika, karatasi ya masharti ilisema hakuna kurudishiwa. Katika 2014 ofisi ya leta ya Australia inayolinda wanunuzi, ACCC, iliipeleka Valve mbele ya tribinali, kwa sababu sheria ya Australia inasema kitu kibovu lazima kirudishiwe makuta, na muuzaji hawezi kuandika kinyume. Valve ikajibu kwamba haifanyi biashara ndani ya Australia, na kwamba haiuzi vitu, inatoa huduma tu. Muamuzi akakatala yote mawili katika Machi 2016: muchezo wa ordinatere ni mali kama mali nyingine, na unayemuuzia mutu wa Australia, unafanya biashara Australia. Mwisho wa mwaka huo wakalipishwa dolari za Australia milioni 3, na rufaa haikuwasaidia. Katikati ya kesi hiyo, Juni 2015, ndipo mupango wa siku 14 na saa 2 ulitoka, kwa dunia nzima. Valve haikusema ni kwa sababu ya kesi. Mimi naangalia tarehe, na nimekaa kwenye mazungumzo mengi na mapatrone. Nina wazo langu.

Tofauti ya hizo haki mbili ni ya kujua. Saa 2 za Steam ni kwa mutu aliyebadilisha roho, hawamuulizi kitu. Sheria ya Australia ni kwa kitu kibovu, na kitu kibovu hakina saa 2. Kwa hiyo kama muchezo umeharibika kabisa baada ya saa 6, usikate tamaa: tuma maombi tu. Steam yenyewe inasema inaweza kuangalia maombi yaliyo inje ya mupango. Hawana lazima ya kukubali, lakini mara nyingine wanakubali, hasa kama kelele ni ya watu wengi. Katika Desemba 2020 muchezo Cyberpunk 2077 ulitoka na ubovu mwingi kwenye mashini ya PlayStation 4. Sony, ambayo ni ngumu kurudisha, ikatoa muchezo huo kwenye butike yake na ikarudisha makuta kwa waliotaka, bila kujali saa walizocheza. Muchezo ulirudi kwenye butike Juni 2021.

Nimesema Sony ni ngumu. Kwa miaka mingi sheria ya butike ya PlayStation imekuwa: siku 14, lakini kama umeanza kuteremusha, basi, isipokuwa muchezo ni mubovu. Chanzo chake ni sheria ya Ulaya ya 2011. Inampa mutu siku 14 za kurudisha kitu alichonunua mbali, lakini kwa mali ya intaneti inaruhusu muuzaji kukuambia: ukikubali kuteremusha sasa, unaacha haki hiyo. Watu wanabofya kukubali bila kusoma. Nintendo nayo, kwa kawaida, muuzo ukiisha umekwisha. Kwa hiyo ndugu wenye kununulia watoto konsole, musichukue sheria ya Steam mukaipeleka kule. Na kwenye telefone za Android, ambako watoto wetu wengi ndiko wanacheza, Google Play inakuwa na dirisha la saa 48 za kuomba kwao. Likipita, wanakupeleka kwa aliyetengeneza muchezo. Mutoto akinunua almasi za muchezo kwa telefone ya mama siku ya Ijumaa, na baba anagundua siku ya kazi ya pili, dirisha limefungwa. Angalieni mesaje za telefone kila jioni.

Kisha kusifu, nina ugomvi na saa 2 zenyewe. Ni kipimo kimoja kwa michezo yote, na michezo si sawa. Kuna muchezo wa saa 100, ambapo saa 2 za kwanza ni mafundisho tu, haujaona kitu bado. Na kuna muchezo wa saa moja na nusu, uliotengenezwa na mutu mumoja ama wawili nyumbani mwao. Mutu anaununua, anaucheza mpaka mwisho, anafurahi, kiisha anarudisha, kwa sababu konteri inasema bado hajafika saa 2. Si hadisi. Katika 2021 mutengenezaji mudogo, jina la kazi yake Emika Games, alitangaza anaacha kutengeneza michezo kwa muda usiojulikana. Muchezo wake, Summer of '58, watu waliupenda na kuusifu, lakini ulikuwa wa chini ya saa 2, na wengi waliumaliza na kurudishiwa makuta yao.

Mimi niko mutu wa mushahara, na hiyo iliniuma. Unakula chakula chote, unasema kilikuwa kitamu, unadai makuta? Mutoto wangu aliponiuliza kama anaweza kufanya hivyo kwa muchezo mufupi, nilimukatalia, na akanijibu kwamba sheria inaruhusu. Ni kweli inaruhusu. Ndiyo maana naonelea ni sheria ndiyo inapaswa kubadilika: kipimo kifuate urefu wa muchezo. Muuzaji anajua urefu, aandike mbele. Kwa muchezo wa dakika 90, dakika 20 zinatosha kujua kama mashini inaubeba na kama unapendeza. Kwa muchezo wa saa 100, toeni saa 5. Na ile inayoteremusha ndani yake, konteri isimame mpaka iishe kuteremusha. Si kazi ngumu kwa watu wanaojua kuhesabu dakika zetu moja kwa moja.

Zile dolari 20 ziliporudi, tuliweka 12 pembeni kwa minervali ya mudogo wake. Na 8 zilizobaki alinunua muchezo mwingine, mudogo, wa zamani, baada ya kusoma System Requirements kwa sauti mbele yangu. Unatembea vizuri. Juzi niliangalia konteri yake: saa 31.